Riali 400 za Maskati au shilingi 1,400,000 za Chake Chake?

"Assalaam alaykum kaka. Mimi ni mhasibu, nina miaka 29, nakaa nyumbani kwetu Chake Chake na mama. Nimepata kazi mbili kwa mpigo. Moja ni hapa hapa Chake, mkononi nitapata 1,400,000. Ya pili ni Maskati, riali 400 kwa mwezi, 300 mshahara wa msingi na 100 posho. Bima ya afya juu yao, nyumba na chakula juu yangu, mkataba wa miaka miwili. Nikibadilisha napata kama 2,600,000. Watu wananambia dola haishuki, niende tu. Unasemaje?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Kuzidisha umezidisha sawa, lakini namba uliyoipata haitakusaidia kuamua, kwa sababu riali zako 400 hazitageuka shilingi zote. Nyingi utazitumia huko huko Maskati, kwa bei za Maskati, na hizo bei ya dola ya hapa kwetu haizigusi kabisa. Zitakazogeuka shilingi ni zile zitakazobaki baada ya wewe kula, kulala na kwenda kazini. Basi tutafute kwanza baki ya kila upande. Bei ya riali tutaileta baadaye, na tutaileta juu ya baki hiyo tu.

Upande wa Chake ni mwepesi. Hulipi kodi ya nyumba. Nimekuwekea 500,000 kwa mwezi: mchango wako wa chakula nyumbani, nauli, simu, nguo na michango ya harusi na misiba. Unabaki na 900,000. Msaada kwa mama sijautoa kwa sababu utautoa popote utakapokuwa.

Upande wa Maskati nimeweka riali 80 za chumba katika fleti ya kuchangia, maji na umeme ndani yake. 70 za chakula, kwa mtu anayejipikia. 25 za usafiri. 12 za simu na intaneti. 28 za mahitaji madogo madogo. Na 15 kila mwezi za kuweka tayari tiketi ya kuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Jumla 230, baki 170. Namba hizi ni zangu za kufanyia mfano, na ni lazima uzibadilishe kabla ya kusaini chochote. Huna haja ya kwenda mbali, maana ni nadra kuikuta nyumba Pemba isiyo na jamaa Omani. Ila ukimpata jamaa usimuulize maisha ya huko yakoje, atakwambia mazuri tu alhamdulillah. Muulize mwezi uliopita alilipa kodi kiasi gani na anakaa mtaa gani, Ruwi au Al Khuwair au wapi, na wako wangapi ndani. Mwombe akupigie picha bili ya umeme ya Julai. Bili ya Januari itakudanganya, kwa sababu majira ya joto kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana, na wanaochangia nyumba wanagawana bili hiyo juu ya kodi.

Kuna gharama nyingine ambayo karibu kila anayeondoka huisahau, nayo ni ya kuanzia. Hata mwajiri akilipa viza na kibali cha kuishi, utatoa wewe dhamana ya chumba, godoro, vyombo, na chakula cha wiki nne kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Tuseme riali 240. Ukizigawa kwa miezi 24 ya mkataba ni riali 10 kila mwezi. Baki yako sasa ni 160.

Sasa tuje kwenye kitu kisichoonekana mkononi. Kazi ya Chake ina ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Ukikatwa 7% ya mshahara kabla ya makato, mwajiri naye anaongeza fungu kubwa kuliko lako, na yote mawili yanaingia kwa jina lako. Kama mkononi unapata 1,400,000, mshahara kabla ya makato utakuwa kwenye 1,850,000 hivi. Kwa hiyo kila mwezi si chini ya 250,000 zinawekwa kwa ajili yako. Huzioni, lakini ni zako. Omani mfanyakazi mgeni hana mfuko kama huo kwa sasa. Ana kiinua mgongo, na Sheria ya Kazi ya Omani ya mwaka 2023 imekiweka kuwa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Zingatia hayo maneno mshahara wa msingi. Wewe ni 300, zile 100 za posho hazihesabiwi. Riali 300 kwa mwaka ni 25 kwa mwezi. Mwajiri anayekupa 400 akazigawa namna hii amekupunguzia kiinua mgongo robo nzima, na mgawanyo huo ni jambo la kuzungumza naye mapema.

Najua wapo watakaosema usihesabu fedha ambazo hutazigusa mpaka uzeeni. Mimi nazihesabu, khasa kwa mtu wa miaka 29, kwa sababu miaka miwili bila michango ni pengo ambalo halijizibi lenyewe. Ukiondoka, fikiria kuchangia mwenyewe kwa mpango wa hiari wa ZSSF.

Basi tujumlishe. Chake: 900,000 na 250,000, ni 1,150,000. Maskati: riali 160 na 25, ni riali 185. Hizi ndizo namba mbili za kulinganisha, moja ya shilingi na moja ya riali, na sasa tu ndipo bei ya riali inapopata kazi yake.

Riali ya Omani imefungwa kwa dola tangu 1973, na kwa bei ya sasa tangu 1986. Riali moja ni dola 2.6 hivi, na imekaa hapo miaka yote hiyo. Kwako hii ni nafuu kubwa ya kufikiri, maana huna haja ya kuifuatilia riali. Fuatilia dola, kisha zidisha kwa 2.6. Dola ikiwa 2,500, riali ni 6,500. Riali zako 185 ni 1,202,500. Umeizidi Chake kwa 52,500 kwa mwezi. Ile tofauti ya 1,200,000 uliyoiona mwanzo imebaki hiyo.

Kitu ninachotaka ukishike zaidi ni namba moja: bei ya riali ambayo kazi mbili zinakuwa sawa. Inapatikana kwa kugawa. Chukua 1,150,000, gawa kwa 185, unapata 6,216. Gawa tena kwa 2.6 upate dola: 2,391. Dola ikiwa juu ya hapo, Maskati inakulipa zaidi. Ikiwa chini ya hapo, umevuka bahari kwa hasara. Sasa swali lako la kama dola inashuka limekuwa swali la kujibika. Hatuhitaji kubashiri itafika wapi. Tunauliza tu kama imewahi kuwa chini ya 2,391, na kama inaweza kurudi huko.

Imewahi, na si zamani. Kwa miaka kadhaa mpaka 2022 dola ilikuwa imetulia karibu na 2,300. Mwaka 2023 dola ikawa haba nchini na bei ikapanda, mpaka mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 2,500. Mwaka 2024 ikapita 2,700, na hapo ndipo watu wengi walipoamini kwamba haishuki. Mwisho wa mwaka huo huo, ndani ya wiki chache, ikaporomoka mpaka kwenye 2,400. Mwaka 2025 ikapanda tena kukaribia 2,700 halafu ikarudi chini ya 2,500. Aliyekuwa na baki kama yako, riali 185, kwenye 2,700 alikuwa na 1,298,700. Kwenye 2,400 alikuwa na 1,154,400. Mwezi mmoja na mwingine, kazi ile ile, mshahara ule ule, zimepotea 144,300. Na kwenye 2,300 angekuwa na 1,106,300, yaani chini ya Chake.

Kushuka huko hakukuwa kwa bahati. Dola zinaingia nchini kwa msimu. Kuanzia Julai watalii wanajaa, nyinyi wa Pemba mnaijua vizuri ya karafuu, na kwenye miezi ya mwisho ya mwaka bara wanauza korosho nje. Dola zikiwa nyingi sokoni bei yake inalegea. Kwenye Februari mpaka Mei, msimu wa utalii ukiwa umepoa na mvua za masika zikaja, dola zinapungua na bei inapanda. Kwa hiyo kuna mwendo wa kupanda na kushuka ndani ya mwaka mmoja, mbali na mwendo wa miaka. Anayeangalia mwezi mmoja tu, Aprili kwa mfano, anaona riali nono na kuamua maisha yake kwa bei ya kilele. Chukua bei za Benki Kuu za miezi 24 iliyopita, tafuta ya chini kabisa, na uifanyie hesabu hiyo. Kama kazi ya Maskati bado inashinda kwenye bei hiyo ya chini, una jibu.

Halafu bei ya Benki Kuu si bei yako. Bei yako ni ile inayomfikia mama. Mwombe yule jamaa akwambie mara ya mwisho alituma riali ngapi, alilipa ada kiasi gani, na Pemba zilipokelewa shilingi ngapi. Tuseme alituma 100, akalipa ada riali 2, na mama yake akapokea 640,000. Gawa 640,000 kwa 102, unapata 6,275 hivi. Ubaoni iliandikwa 6,500, iliyofika ni 6,275. Ukikumbuka kwamba kikomo chako ni 6,216, utaona umebakiwa na shilingi 59 tu kwa kila riali. Sehemu kubwa ya faida ile ya 52,500 imebaki dukani kwa mbadilisha fedha. Ada nyingi hazikui sawa na kiasi unachotuma, kwa hiyo kutuma mara moja kwa mwezi kunakula kidogo kuliko kutuma kila wiki.

Sasa nataka uone jambo ambalo mimi naliogopa zaidi kuliko dola, maana hili watu hawalizungumzi. Chukua tena 1,150,000, igawe kwa 6,500. Ni riali 177. Wewe una 185. Nafasi yako ni riali 8. Chumba kikitoka 80 kikawa 88, au mwenzako wa kuchangia akahama na bili ya umeme ikagawanywa kwa wawili badala ya watatu, faida ya kazi ya Maskati imekwisha, hata dola isipotikisika. Bei ya dola ni ya kila mtu na inasomeka kila siku. Kodi ya chumba chako ni yako peke yako, na inaweza kubadilika siku utakayofika uwanja wa ndege ukaambiwa kile chumba kimeshachukuliwa. Ndiyo maana nimesisitiza bili na risiti. Kosa la riali 30 kwenye makisio ya matumizi lina uzito kuliko mwaka mzima wa kuyumba kwa shilingi.

Kuhusu kwamba shilingi ikianguka wewe utanufaika, ni kweli lakini nusu. Mchele wa mapembe, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, petroli, nondo na bati vyote vinatoka nje na vinalipiwa kwa dola. Dola ikipanda, miezi michache baadaye dukani navyo vinapanda. Utamtumia mama shilingi nyingi zaidi na atanunua gunia lile lile. Faida yako halisi ni kwenye vitu vya hapa hapa: fundi, mchanga, samaki, ada za skuli. Na shilingi ikipata nguvu, hesabu haigeuki kwa uzuri ule ule, kwa sababu dukani bei ni nyepesi kupanda na nzito kushuka. Unapokea pungufu leo, na mchele unabaki pale pale.

Kwa hiyo, ukienda, usijifunge kwa deni la shilingi linalolipwa kwa riali zako zote. Hili nimeona likiwaumiza watu wazima wenye akili zao. Mtu yuko Omani, dola iko 2,700, anapiga hesabu, anaona kila mwezi ana 1,200,000 za kutuma, anachukua mkopo wa kujengea wa marejesho ya 1,000,000. Dola ikirudi 2,400, marejesho hayapungui hata senti, na kinachobaki kwa mama ni kidogo mno. Marejesho na ahadi zote za kila mwezi za shilingi zisizidi kile ambacho riali zako zingeleta kwa ile bei ya chini ya miezi 24. Kinachozidi juu ya hapo, weka. Benki za hapa zina akaunti za dola, Benki ya Watu wa Zanzibar ikiwemo, na si lazima kila kinachofika kigeuzwe shilingi siku hiyo hiyo. Geuza cha matumizi ya miezi miwili mitatu, kingine kikae dola mpaka siku ya kununua saruji.

Na usisahau kwamba aliye Maskati huombwa zaidi kuliko aliye Chake. Sikulitia kwenye hesabu kwa sababu hakuna anayejua kiasi chake isipokuwa wewe unayeijua familia yako, lakini litie. Riali 20 za mwezi kwa wajomba na mabinamu zinatosha kugeuza jibu zima.

Kwa mkataba ulivyo sasa, mimi nisingekwenda. Kazi mbili zinalipa karibu sawa, na ya Maskati ndiyo inayobeba hatari zote: ya dola, ya kodi, ya kuwa mbali na mama. Lakini kabla ya kukataa, warudie na uwaombe kitu kimoja: chumba, juu ya zile riali 400. Wengi huomba nyongeza ya mshahara na kukataliwa, ilhali kampuni yenye nyumba ya wafanyakazi humpa mtu chumba bila kuona uzito. Kwako chumba ni riali 80. Baki inakuwa 265 pamoja na kiinua mgongo, sawa na 1,722,500 kwa dola ya 2,500, na bei ya kulingana inashuka mpaka dola 1,670 hivi. Huko shilingi haijaonekana miaka mingi. Hapo unaweza kwenda na hata mwenzako wa nyumba akihama hakutikisi, kwa sababu kodi imeondoka mikononi mwako.

Angalia tu wasikupe chumba kwa mkono mmoja na kuifuta posho ya 100 kwa mwingine. Wakifanya hivyo umepoteza riali 20 kila mwezi na bado watakwambia wamekusaidia. Iandikwe kwenye mkataba wenyewe kwamba nyumba ni juu ya mwajiri na posho inabaki. Wakisema hawana nyumba, omba mshahara wa msingi uwe 350 na posho 100 ibaki; hapo baki ni riali 239 na kiinua mgongo ndani yake, na bei ya kulingana ni dola 1,851. Hilo nalo nalikubali.

Wakikataa yote mawili, saini ya Chake. Kisha wapigie wale wa Maskati uwaambie kwa heshima ni kitu gani kilichokuzuia, kwa namba, maana nafasi kama hizo hurudi na mara ya pili huja na masharti mengine.